Mtutu mfupi kwenye .375: kasi inapotea kiasi gani, na kichakani inajalisha?

MguuWaMomela

Habari za jioni wakuu. Niko Usa River, kazi yangu ni kuongoza wageni kwa miguu. Kampuni yetu inataka kununua bunduki ya pili ya kulinda msafara, .375 H&H, na tumeletewa mbili zilizotumika, zote zina karatasi zake. Moja ni CZ 550 yenye mtutu wa inchi 25. Nyingine iliwahi kufupishwa na fundi mwenye leseni, sasa ina inchi 20. Bei ni karibu sawa.

Nikiishika hiyo fupi moyo unatulia. Ile ndefu nikiivaa begani kwa mkanda, mdomo wa mtutu unapanda juu ya kichwa na kunasa kila tawi. Lakini bosi anasema kuinunua fupi ni kununua .375 iliyokatwa nguvu, na nyati akija hatutakuwa na muda wa kujuta. Naomba mnaojua mnieleze: inchi hizo zinakula kasi kiasi gani hasa? Na je, kwa umbali wetu, ambao mara nyingi hauzidi mita 30, nyati atauona huo upungufu?

ChaliiSakina

Mzee wangu ana shotgan ya kulinda shamba kule Monduli, mtutu mrefu kweli. Tuliambiwa mrefu ndio unapeleka mbali. Kwa hiyo chukua ndefu kaka, usihangaike.

MguuWaMomela

Asante chalii, ila shotgan ni habari nyingine kidogo, mimi naulizia bunduki ya risasi moja moja.

Mzee_Kisimiri

Kijana, swali lako ni zuri na lina jibu la kueleweka. Nimebeba .375 na .458 miaka mingi nikiongoza wawindaji, kuanzia vichaka vya Burko hadi misitu ya mlimani, kwa hiyo nikueleze ninavyoijua kazi hiyo.

Kwanza tujue tunapima nini. Urefu wa mtutu haupimwi kuanzia pale kichwa cha risasi kinapoanza kukimbia. Unapimwa kuanzia uso wa bolti iliyofungwa hadi mdomoni, maana yake chemba imo ndani ya hesabu. Ganda la .375 H&H peke yake lina karibu inchi tatu. Kwa hiyo kwenye mtutu wa inchi 20 kichwa cha risasi kinasukumwa kwa takriban inchi 17 na nusu, na kwenye wa inchi 24 kinasukumwa kwa inchi 21 na nusu hivi. Ukienda kuzikagua hizo bunduki, hakikisha haina risasi chembani wala kwenye magazini, hakikisha tena, funga bolti, shusha fimbo ya kusafishia kutoka mdomoni hadi iguse uso wa bolti, weka alama, pima. Usiamini maneno ya muuzaji, maana wapo wanaojumlisha na kile kipunguza teke kilichofungwa mbele, na hicho hakisukumi risasi.

Sasa ndani ya mtutu. Baruti ikiwaka, presha inapanda haraka sana na kufika kileleni kichwa cha risasi kikiwa kimesogea inchi chache tu. Kwa .375 H&H kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni pauni 62,000 kwa inchi ya mraba. Kuanzia hapo, kila kichwa kinaposonga mbele, chumba cha gesi nyuma yake kinakua na presha inashuka. Kikifika inchi ya ishirini kuendelea, imebaki labda pauni elfu nane hadi kumi. Bado inasukuma, ndiyo maana mtutu mrefu unaongeza kasi, lakini inasukuma kwa sehemu ya saba tu ya ile nguvu ya kilele. Kwa sababu hiyo inchi za mbele zina faida ndogo kuliko za nyuma. Ukitoa inchi nne za mwisho kwenye .375, tegemea kupoteza futi 20 hadi 25 kwa sekunde kwa kila inchi. Boksi la greni 300 linaandikwa futi 2,530 kwa sekunde, na kasi hiyo ni ya mtutu wa majaribio wa inchi 24. Kwa inchi 20 utakuwa kwenye 2,430 au 2,450.

FundiWaNjiro

Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa mashine, si wa silaha, lakini nadhani umeacha jambo kubwa. Tatizo la mtutu mfupi ni kwamba baruti haimalizi kuungua ndani. Inamalizikia nje, ndiyo maana zile bunduki fupi zinatoa moto mkubwa mdomoni. Kwa hiyo dawa ni kutafuta risasi zenye baruti inayowaka haraka, iishe yote kabla kichwa hakijatoka, na kasi yote itarudi.

Mzee_Kisimiri

Marahaba fundi. Kuna ukweli ndani ya maneno yako, chembe chache kweli hutoka hazijaungua. Lakini baruti karibu yote huwa imeshaungua kichwa kikiwa bado hakijafika hata nusu ya mtutu. Moto mkubwa unaouona nje ni gesi. Zinatoka zikiwa na joto kali na bado zina sehemu zinazoweza kuwaka, zinakutana na hewa yenye oksijeni, zinashika moto upya. Mtutu ukiwa mfupi gesi zinatoka zikiwa na presha na joto zaidi, basi moto unakua.

Kuhusu baruti ya haraka: itapunguza mwanga kidogo, ndiyo. Ila kasi haitarudi. Baruti inayowaka haraka inafikisha presha kileleni mapema, na kilele kina mpaka wake, huwezi kukivuka bila kuhatarisha bunduki na mkono wako. Kwa hiyo unalazimika kutia kidogo, na gesi inakuwa pungufu njia nzima. Wanaojaza risasi wenyewe wamelipima hili mara nyingi: baruti iliyoshinda kwenye mtutu mrefu ndiyo kwa kawaida inashinda na kwenye mfupi. Zote mbili zinashuka pamoja.

FundiWaNjiro

Hapo umenifungua mzee. Bado ningependa kujua kama hilo linasimama hata kwenye mitutu mifupi kupindukia, inchi kumi na kitu.

Olorien

Mimi nawinda kwenye mbuga wazi upande wa Longido, pofu, swala granti na kongoni, natumia .300 Win Mag. Niliwahi kuazimwa ya inchi 20 na sikuipenda kabisa. Kishindo kama bomu, na risasi kwenye mita 250 zilikuwa zinaenda chini kuliko nilivyozoea. Kwa hiyo mimi naungana na bosi wako. Ukinunua kaliba kubwa halafu ukaipa mtutu mfupi, umelipia baruti inayochomwa hewani.

BintiMarangu

Kaka Olorien, na wengine shikamooni. Nafundisha fizikia sekondari hapa Moshi, baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori na mambo haya tulikuwa tunayahesabu naye mezani. Naomba niseme kwamba .300 na .375 hazipotezi sawa, na kisa chako hakimhusu Mguu moja kwa moja.

Tazama tundu lenyewe. Kichwa cha .300 kina upana wa inchi 0.308, cha .375 kina 0.375. Ukilinganisha eneo la tundu, la .375 ni kubwa karibu mara moja na nusu. Maana yake kila kichwa kinaposogea inchi moja, gesi kwenye .375 inapata nafasi kubwa zaidi ya kutanuka, na inamaliza kazi yake mapema. Kwenye .300 ganda lina baruti nyingi na tundu ni jembamba, gesi inabaki na presha kubwa hadi mbali, kwa hiyo inchi za mbele bado zina thamani. Ndiyo maana Win Mag inaweza kupoteza futi 30 au zaidi kwa inchi, na kishindo ulichokisikia ni hiyo presha iliyokuwa bado haijatumika. Kwa kazi yako ya mbuga wazi ningekushauri ubaki na inchi 24 au 26 bila kusita.

Sasa kesi ya Mguu. Tuchukue hali mbaya, apoteze futi 100 kamili, kutoka 2,530 hadi 2,430. Kwa mita ni kutoka 771 hadi 741 kwa sekunde. Kasi imepungua asilimia 4. Nishati inafuata mraba wa kasi, kwa hiyo imepungua asilimia 8 hivi. Ukiisema hivyo inatisha kidogo, asilimia nane ya pigo kwa nyati!

Lakini hewa nayo inakula kasi. Kichwa cha greni 300 cha .375 hupoteza futi 260 hivi kwenye yadi 100 za kwanza, yaani karibu mita 0.9 kwa sekunde kwa kila mita moja ya safari. Upungufu wetu ni mita 30 kwa sekunde. Gawanya: ni sawa na mita 30 hadi 40 za umbali. Kwa maneno mengine, nyati aliyepigwa akiwa mita 30 kwa mtutu wa inchi 20 anapokea pigo lilelile ambalo angelipata akiwa mita 65 hivi kwa mtutu wa inchi 24. Hakuna mwindaji aliyewahi kusema .375 haifai kwa nyati wa mita 65.

MguuWaMomela

Dada, hii ya kubadili kasi iwe umbali ndiyo nitakayompelekea bosi. Na kushuka kwa risasi je?

BintiMarangu

Kwa mita 50 tofauti ya kushuka kati ya hizo mbili ni milimita mbili tu. Ukiziweka zote sawa kwenye mita 100, kwenye mita 150 zitatofautiana kama sentimita moja. Mkono wako unatikisika zaidi ya hapo.

Olorien

Hesabu naikubali kwa .375. Ila swali moja: Arusha tuko mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi. Si inafanya risasi itoke kwa kasi zaidi na kufidia?

BintiMarangu

Kutoka, hapana. Kinachosukuma ndani ya mtutu ni gesi ya baruti, presha ya hewa ya nje ni kidogo mno mbele yake. Ila baada ya kutoka, hewa nyepesi inaipunguza taratibu zaidi, hivyo kwenye mita 250 zako utaona faida kidogo ukilinganisha na Tanga. Joto la baruti lenyewe lina athari pia. Boksi lililokaa juani kwenye dashibodi litatoa kasi tofauti na lililokaa kivulini, na ongezeko la presha linalotokana na joto hilo si la kulichezea.

Mzee_Kisimiri

Binti amehesabu vizuri, baba yako alikulea. Niongeze kitu ambacho boksi halikuambii. Mitutu miwili ya urefu uleule, kiwanda kilekile, inaweza kutofautiana futi 50 kwa sekunde. Mmoja tundu lake limebana kidogo, chemba ya mwingine imelegea. Nimeona .375 ya inchi 22 ikiipita kwenye kipima kasi ya mwenzangu ya inchi 24, risasi za boksi moja, asubuhi ileile. Kwa hiyo kabla bosi hajakataa hiyo fupi, zipelekeni zote mbili kwenye uwanja wa shabaha zipimwe. Inawezekana tofauti yenu ikawa futi 60, inawezekana ikawa 140.

Na kwa vile hiyo imefupishwa, angalia mdomo wake kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Pale mwisho kabisa, mahali mifereji ya ndani inapoishia, lazima pawe mraba kamili na mhimili wa tundu, bila mkwaruzo wala ukingo ulioinama. Kama upande mmoja umezidi hata kidogo, gesi inatoroka upande wa pili kwanza na kukisukuma kitako cha kichwa kikiwa ndiyo kinaachia. Utaijua kwenye karatasi: risasi tatu zinatawanyika bila mpangilio huku bunduki imeshikwa imara. Watu wakiona hivyo wanalaumu ufupi. Ufupi hauna kosa, mtutu mfupi ni mgumu zaidi kupinda na unatikisika kidogo kuliko mrefu wa unene uleule. Angalia pia kilengeo cha mbele, kama kilirudishwa kikiwa wima na kimeshika. Na karatasi za leseni ziendane na bunduki ilivyo sasa. Fundi asiye na kibali asiguse mtutu, hilo ni jela.

ChaliiSakina

Lakini mzee, kama kipande kilichokatwa ni inchi nne, uzito unaopungua si mdogo tu? Mbona Mguu anasema anaisikia tofauti kubwa hivyo?

Mzee_Kisimiri

Umeuliza swali la mtu mzima. Kwa mtutu wa unene wa kawaida ni gramu 120 au 130, si kitu. Ila zile gramu zilikuwa zimekaa mwisho kabisa, mbali na mikono. Beba jembe ukilishika kwenye mpini karibu na chuma, kisha lishike mwisho wa mpini, utaelewa. Bunduki fupi inaanza kugeuka haraka na inasimama haraka pale unapotaka. Na urefu mzima unapungua sentimita kumi au zaidi, hapo ndipo matawi, kamba za msituni na mlango wa Lendikruza vinapokuachia.

Mtu anayelinda wageni hachagui saa. Nyati wa msitu wa Meru anatoka kwenye majani umbali wa mita 15, yuko kwenye mwendo, na wewe bunduki iko begani. Ni sekunde mbili au tatu. Asilimia nne ya kasi haitakuokoa wala kukuua. Risasi iliyofika nusu sekunde mapema, na mahali panapotakiwa, ndiyo inayomwangusha. Fanyeni jaribio kwenye uwanja wa shabaha, bunduki tupu iliyokaguliwa na watu wawili: kutoka begani hadi kwenye shabaha ya mita 15, mwenzako ashike saa. Rudia na ndefu. Hapo ndipo bosi atakapoona kwa macho.

FundiWaNjiro

Mzee, mbona basi viwanda havijafupisha zote?

Mzee_Kisimiri

Kwa sababu kuna gharama, na si kasi tu. Wanajeshi waliligombania hili zamani. Mwingereza mwanzoni mwa miaka ya 1900 alichukua Lee-Enfield ya inchi 30 akaishusha hadi 25, ili askari wa miguu na wa farasi wabebe moja, na wataalamu wa shabaha wakapiga kelele kweli. Ndiyo hiyo iliyokuja kupigana huku kwetu vita ya kwanza. Kisha mwaka 1944 wakatoa ile ya msituni, mtutu chini ya inchi 19, nyepesi, na askari wakalalamikia teke na mwanga wake hata walipofungiwa koni mdomoni. Inchi za kwanza zilizotolewa hazikudaiwa sana. Za mwisho zilidaiwa.

Olorien

Hapo kwenye kishindo ndipo ninaposimamia mimi. Mguu, msoma nyayo wako anasimama wapi?

MguuWaMomela

Mbele yangu hatua mbili tatu, upande wa kushoto. Wageni nyuma.

Olorien

Basi fikiria masikio yake. Ukiinua bunduki ya inchi 25, mdomo uko karibu naye au umempita. Ukiinua ya inchi 20 mdomo uko nyuma ya sikio lake, na presha inayotoka ni kubwa zaidi. Hakuna anayetembea porini amevaa viziba masikio, maana masikio ndiyo yanayosikia nyati kabla ya macho. Na usikubali kipunguza teke mdomoni hata kidogo. Kinatupa kishindo kando na nyuma, kwa msoma nyayo na kwa wageni.

Mzee_Kisimiri

Hilo sina la kulipinga. Rafiki zangu wengi wasoma nyayo wa zamani leo unawaita mara tatu ndipo wageuke. Mimi nilifundisha wangu kwamba akisikia neno langu anachuchumaa papo hapo, mdomo upite juu yake. Lakini kuchuchumaa kunampunguzia, hakumwondolei. Kwa maoni yangu inchi 22 ndiyo ingekuwa katikati ya yote haya kwa .375, ila hiyo hamjaletewa.

BintiMarangu

Vipi kuhusu .375 Ruger? Ilitoka mwaka 2007, na ilitangazwa hasa kwa hilo: kwenye mtutu wa inchi 20 inatoa kasi inayokaribia ya H&H kwenye inchi 24. Ganda lake ni nene na fupi kidogo, baruti yake ni zaidi.

Mzee_Kisimiri

Bunduki nzuri, sina neno. Ila kasi hiyo inalipwa kwa teke, na kwa kishindo kilekile alichokisema Olorien. Halafu risasi zikikuishia katikati ya msimu, nani atakuazima za Ruger? H&H ipo tangu 1912, kila kambi ina boksi lake. Mwingine anaweza kuona tofauti.

Olorien

Mimi naona tofauti. Mtu akipanga vizuri na kuagiza mapema hawezi kuishiwa. Sisi tunapiga risasi ngapi kwa mwaka, kweli?

MguuWaMomela

Nimesoma yote kwa makini, nawashukuru. Nimeongea na bosi kuhusu ile hesabu ya mita 65, akakaa kimya kisha akakubali zipimwe zote mbili wiki ijayo, pamoja na lile jaribio la saa. Nitakagua mdomo wa hiyo fupi na karatasi zake kabla ya kitu kingine. Kinachonisumbua sasa ni msoma nyayo. Yeye mwenyewe nilipomweleza alisema anaitaka fupi, kwa sababu ile ndefu ilishawahi kunasa kwenye tawi na kunichelewesha akiwa mbele yangu. Nikamwambia kuhusu masikio, akasema tubadilishane nafasi, yeye akae kulia nyuma ya bega langu tukiingia kwenye kichaka kizito. Sijui kama hilo linawezekana, maana mwenye macho ndiye anayepaswa kuwa mbele.

Mzee_Kisimiri

Kwenye kichaka kizito kweli, nyayo zikiwa mbichi, mimi nilikuwa natembea naye bega kwa bega, si mbele wala nyuma. Inapunguza mwendo, lakini mdomo unakuwa mbele ya wote wawili, hata kama ni wa inchi 20. Jaribuni hivyo kwanza bila wageni. Na hiyo fupi ikichaguliwa, chagueni boksi moja la risasi ngumu na moja la laini, muone kama zote zinapiga mahali pamoja kwenye mita 50 kwa kilengeo kilekile. Kwenye mtutu uliokatwa mara nyingine zinaachana kuliko zilivyokuwa zamani, na hiyo ni bora uijue ukiwa uwanjani.